Kanga nzito dukani, chujio baada ya kufua: hesabu nyuzi kabla hujalipia korja

Somo la leo limenigharimu shilingi 77,000 pamoja na aibu, ninyi nawapa bure. Andaeni rula, pini mbili, mizani ndogo ya jikoni na kikokotoo cha simu. Ukishika haya, muuza jumla hatakubabaisha tena kwa neno "kanga nzito hii, shika mwenyewe".

Mie nauza kanga kupitia wasapu na Insta, nipo Chake Chake. Msimu mmoja wa karafuu, watu wana pesa mkononi, nikaagiza korja moja kutoka Dar, doti 20, kwa 8,500 kila doti. Mzigo ukaja na boti hadi Mkoani. Nilipofungua nikafurahi: kanga zimekakamaa vizuri, ukizikunja zinatoa sauti ya karatasi, rangi kali. Nikapiga picha, nikaandika "kanga nzito, pamba tupu", nikauza 11,000. Zikaisha ndani ya wiki. Faida yangu 50,000.

Baada ya siku kumi nikapata sauti ya mama mmoja wa Wete. "Mwanangu, kanga yako nimeifua mara moja tu. Sasa nikisimama kusali, jua likipita mlangoni, kila kitu kinaonekana. Hii kanga au chandarua?" Nikamwitikia, "Shikamoo mama, niwie radhi, nitakurejeshea." Kesho yake dada wa Konde akaleta picha: alishona gauni, kwapani kitambaa kimeachia. Nikavuta picha kwa karibu, uzi wa mshono ulikuwa mzima kabisa. Kilichoachia ni kitambaa chenyewe, nyuzi zimesogea pembeni na kubaki mwanya. Wakafuata wengine. Jumla nikarejesha pesa za doti saba, yaani 77,000. Faida yote ikaondoka na 27,000 juu yake.

Aliyeniuzia hakusema uongo kuhusu pamba, ilikuwa pamba kweli. Kosa langu ni kwamba nilipima kanga kwa vidole. Vidole vinapima ugumu, na ugumu wa kanga mpya mara nyingi si nyuzi, ni wanga.

KITAMBAA NI FITO

Wengi wetu tumeziona nyumba za udongo kabla hazijakandikwa. Kuna miti iliyosimama na kuna fito zilizolala, katikati yake kuna vijidirisha. Kitambaa nacho ni hivyo hivyo. Nyuzi zinazokwenda kwa urefu zinaitwa mtande, zinazopita kwa upana zinaitwa mshindio. Kwenye kanga, mtande unakwenda sambamba na zile kingo mbili ndefu zisizofumuka, za kiwandani. Zile kingo mbili fupi ambazo tunazikata na kuzipinda, hapo ndipo mtande umekatwa.

Ukubwa wa vijidirisha unategemea mambo mawili: nyuzi ni ngapi kwenye sentimita moja, na kila uzi una unene gani. Moja bila la pili halikuambii kitu. Fito nyingi nyembamba na fito chache nene zinaweza kuacha uwazi sawa. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hii ina nyuzi nyingi", swali lako la pili liwe "nene kiasi gani?"

Wanga huziba vile vijidirisha kama udongo unavyoziba fito. Kiwandani kitambaa humaliziwa kwa wanga ili kikae sawa na kivutie, na kidogo si dhambi. Tatizo ni pale wanga unapofanya kazi ambayo ingepaswa kufanywa na pamba. Ukifua, udongo unadondoka, zinabaki fito.

Ndiyo maana kila kipimo nitakachoeleza hapa kinafanywa BAADA ya kufua. Mimi sasa kabla ya kuagiza korja naomba doti moja tu ya sampuli. Kanga moja naiacha mpya, nyingine naifua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, naisuuza mpaka maji yatoke meupe, naianika mpaka ikauke kabisa. Ile ya kufuliwa ndiyo ninayoipima, halafu naivaa mwenyewe.

HATUA YA 1: HESABU NYUZI

Chukua ule upande mfupi uliokatwa, ambao haujapindwa. Kwa sindano, vuta nje nyuzi za mshindio moja moja. Utaona yanabaki matamvua: hayo ni mtande umesimama peke yake. Weka rula, choma pini mbili zilizoachana sentimita 2, kisha hesabu matamvua yaliyo katikati. Gawa kwa 2. Hiyo ndiyo idadi ya mtande kwa sentimita.

Kwa mshindio, weka alama ya kalamu sentimita 2 kutoka ukingoni, uendelee kuvuta uzi mmoja mmoja huku ukihesabu mpaka ufike kwenye alama. Gawa kwa 2. Usihofu, ule upande si unapindwa? Sehemu uliyofumua unaikata, inayobaki inaingia kwenye upindo.

Kwa nini sentimita 2 na si moja? Kwa sababu ukikosea uzi mmoja kati ya 17, umekosea karibu sita katika mia. Ukikosea mmoja kati ya 34, kosa linakuwa nusu yake. Rudia sehemu tatu tofauti uchukue wastani. Usihesabie karibu na ukingo mrefu wa kiwandani, pale nyuzi hubanwa kuliko katikati na utadanganyika. Wala usikivute kitambaa wakati unahesabu.

Kama hutaki kufumua, piga picha ya karibu ukiwa umelaza rula juu ya sehemu yenye rangi nyepesi, kisha ikuze kwenye simu uhesabu. Kwenye rangi nyeusi au nyekundu iliyokoza hutaona kitu.

Yangu iliyonitia hasara (nilibakiwa nazo zile zilizorudi) ilikuwa na mtande 22 na mshindio 17 kwa sentimita. Kisha nikachukua kanga ya zamani ya mama yangu, ambayo imefuliwa miaka na bado anaisalia, nikahesabu: 26 kwa 24. Hiyo ndiyo niliyoamua iwe kipimo changu.

HATUA YA 2: PIMA UZITO NA ENEO

Sasa tutafute unene wa uzi bila hadubini. Mizani inatosha. Wazo ni jepesi: ukijua kanga ina nyuzi ngapi na ina uzito gani, unajua kila uzi umebeba pamba kiasi gani.

Pima urefu na upana wa kanga iliyofuliwa. Usitumie vipimo vya mpya, kwa sababu pamba hupungua ikifuliwa na nyuzi husogeleana. Kanga yangu mbovu ilipokuwa mpya ilikuwa sentimita 150 kwa 110 na gramu 132. Baada ya kufua ikawa sentimita 145 kwa 108 na gramu 103.

Tazameni hapo kwanza. Gramu 29 zimekwenda na maji. Katika kila gramu 100 nilizonunua, 22 zilikuwa wanga.

Eneo ni mita 1.45 × 1.08 = mita za mraba 1.57. Gramu 103 ÷ 1.57 = gramu 66 kwa mita moja ya mraba. Hiki ndicho kile kipimo mnachokiona kwenye matangazo ya vitambaa kikiandikwa GSM.

Kanga ya mama: sentimita 147 kwa 109, gramu 168. Eneo 1.60. Gramu 168 ÷ 1.60 = 105 kwa mita ya mraba.

Angalizo moja la kwetu Pemba: pamba hunywa unyevu wa hewa. Hata ikionekana kavu, kwa kawaida inakuwa na maji ya gramu saba au nane hivi katika kila mia, na siku za mvua huzidi. Kwa hiyo kanga mbili unazozilinganisha zipime siku moja, saa moja, zote zikiwa zimetoka juani.

HATUA YA 3: TAFUTA UZITO WA UZI

Uzi hupimwa kwa kusema kilomita moja yake ina gramu ngapi. Kadiri gramu zinavyozidi, ndivyo uzi unavyokuwa mnene. Hesabu yake ni hii:

Uzito wa uzi = (GSM × 10) ÷ (mtande + mshindio) ÷ 1.05

Hiyo 1.05 imetoka wapi? Ndani ya kitambaa uzi haujanyooka, unapanda na kushuka juu ya wenzake. Kata kipande cha sentimita 10, vuta uzi mmoja, unyooshe taratibu bila kuutanua: utakuta karibu sentimita 10.5. Basi kila sentimita ya kitambaa imekula uzi zaidi kidogo, na sisi tunaondoa hiyo ziada. Ukikuta wako ni 10.8, tumia 1.08.

Kanga mbovu: 660 ÷ 39 ÷ 1.05 = 16. Yaani gramu 16 kwa kilomita.

Kanga ya mama: 1,050 ÷ 50 ÷ 1.05 = 20. Gramu 20 kwa kilomita.

Kwa hiyo ile yangu ilikuwa na hasara mbili kwa mpigo: nyuzi chache, na kila uzi mwembamba.

HATUA YA 4: UFUNIKAJI

Sasa tunafika kwenye kile mama wa Wete alichokiona mlangoni. Ufunikaji ni kusema katika eneo lote la kitambaa, sehemu gani imefunikwa na uzi na sehemu gani ni tundu. Aliyeiweka hesabu hii sawa ni Mwingereza F. T. Peirce, mtafiti wa nguo wa Manchester, mwaka 1937. Yeye alitumia inchi na namba za uzi za kizamani, mimi nimeigeuza kwa sentimita ili tusichoke.

Kwanza unene wa uzi wa pamba kwa milimita:

Unene = 0.037 × √(uzito wa uzi)

Alama hiyo √ ni kipeuo cha pili, kwenye simu nyingi ukilaza kikokotoo utaiona. Kanga mbovu: √16 ni 4, mara 0.037 ni milimita 0.148. Ya mama: √20 ni 4.47, mara 0.037 ni milimita 0.165.

Sasa zidisha unene kwa idadi ya nyuzi. Sentimita moja ina milimita 10, kwa hiyo ukigawa jibu kwa 10 unapata sehemu iliyofunikwa.

Kanga ya mama:
Mtande: 26 × 0.165 = milimita 4.3 kati ya 10, yaani 0.43.
Mshindio: 24 × 0.165 = milimita 4.0 kati ya 10, yaani 0.40.

Usijumlishe 43 na 40 ukasema 83! Hapa ndipo wengi hukosea. Mtande na mshindio hupitiana juu, na pale wanapokutana unakuwa umehesabu mahali pamoja mara mbili. Rudi kwenye fito. Miti iliyosimama imeacha uwazi wa 57 katika mia. Fito zilizolala zinaziba 40 katika mia ya huo uwazi, zinaacha 60. Basi uwazi uliobaki ni:

0.57 × 0.60 = 0.34

Katika kila mia, 34 ni tundu na 66 imefunikwa. Ufunikaji wa kanga ya mama ni 66.

Kanga mbovu:
Mtande: 22 × 0.148 = 3.3, yaani 0.33. Uwazi 0.67.
Mshindio: 17 × 0.148 = 2.5, yaani 0.25. Uwazi 0.75.
0.67 × 0.75 = 0.50

Nusu kwa nusu. Niliwauzia watu kanga ambayo nusu yake ni hewa. Mama wa Wete alikuwa sahihi kuiita chandarua, mimi ndiye nilihitaji kikokotoo kujua alichokiona kwa macho.

NA UIMARA JE?

Ufunikaji unakwambia kuonekana na kuachia. Pale penye matundu makubwa uzi hauna kinachoushika, ukivutwa unateleza. Ndicho kilichotokea kwapani kwa dada wa Konde. Jaribio lake la haraka: shika kitambaa kwa vidole gumba viwili vilivyokaribiana, uvisukume kuachana mara chache huku umekibana. Kikiacha mstari wa uwazi usiorudi, usikiuze kwa mtu atakayeshona nguo ya kubana.

Ila nguvu ya kuvutwa inategemea pamba yenyewe, yaani nyuzi mara uzito wa uzi. Mshindio wa kanga ya mama: 24 × 20 = 480. Wa kanga mbovu: 17 × 16 = 272. Mnaona? Ufunikaji umeshuka kutoka 66 hadi 50, mtu anaweza kudhani tofauti ni ndogo, kumbe kwenye mshindio pamba inayobeba mvuto ni kidogo zaidi ya nusu tu. Mtu anayebebea mtoto anahitaji kujua namba hii kuliko rangi ya pindo.

Na tazameni pia tofauti ya mtande na mshindio. 26 kwa 24 wanakaribiana. 22 kwa 17 wameachana mbali. Kiwanda kikitaka kubana gharama, mshindio ndio wa kwanza kupunguzwa, kwa sababu mashine ikiweka nyuzi chache kwa sentimita inatoa mita nyingi kwa saa. Kwa hiyo ukikosa muda wa kuhesabu vyote, hesabu mshindio tu.

IDADI PEKE YAKE INADANGANYA

Nilipima pia kipande cha marekani, kile kitambaa kigumu kisichopaushwa. Jina lake ni la kale hapa kwetu: wafanyabiashara wa Salem, Marekani, walikuwa wakiileta Zanzibar karne ya 19, na mwaka 1833 Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na nchi yao. Watu wa pwani mpaka bara waliipenda kwa uimara, jina likabaki hata kwa vitambaa visivyotoka huko.

Kipande changu kilichofuliwa kilikuwa na mtande 18 na mshindio 16. Jumla 34, wakati kanga mbovu ina 39. Ukienda kwa idadi tu utasema kanga mbovu ni bora. Lakini uzito wake ni gramu 128 kwa mita ya mraba, hesabu inaleta uzi wa gramu 36 kwa kilomita, unene milimita 0.222. Mtande 0.40, mshindio 0.36, uwazi 0.60 × 0.64 = 0.38. Ufunikaji 62. Nyuzi chache, kitambaa kizito zaidi ya kanga zote mbili.

Upande wa pili wa uongo huo ni mashuka. Wanaouza mashuka mtandaoni mmeona maandishi "uzi 1000". Hapo wanajumlisha mtande na mshindio kwa inchi moja. Kanga ya mama kwa kipimo hicho ni 50 × 2.54 = 127. Sasa fikirini uzi 1000: ni 500 kila upande kwa inchi, karibu 197 kwa sentimita. Milimita 10 ukigawia nyuzi 197, kila uzi unapata nafasi ya milimita 0.05. Uzi wa pamba mwembamba sana, wa gramu 6 kwa kilomita, una unene wa milimita 0.09. Kwa ufumaji wa kawaida wa moja juu moja chini, hawaingii. Mara nyingi kinachofanyika ni kuchukua uzi mmoja uliosokotwa kwa nyuzi mbili au nne, kisha kila kijiuzi kikahesabiwa peke yake. Mwaka 2005 tume ya biashara ya serikali ya Marekani, FTC, iliandika kwamba kuzidisha namba kwa njia hiyo kunaweza kumpotosha mnunuzi. Ukivuta uzi wa shuka ukaufungua msokoto ukagawanyika, hesabu huo ni uzi MMOJA.

PALE HESABU HII INAPOISHIA

Ile 0.037 ni ya uzi wa pamba uliosokotwa. Kwa poliesta usiitumie kama sheria, uzito wake kwa unene ni tofauti. Kwa fulana na nguo za kuvutika usiitumie kabisa, zile zimesukwa kwa vitanzi, hazina mtande wala mshindio. Na hesabu ya hatua ya 3 imechukulia kwamba mtande na mshindio ni uzi wa namna moja. Ukifumua ukaona mmoja mnene wazi kuliko mwenzake, chukua jibu kama makadirio tu.

Halafu msidhani ufunikaji mkubwa siku zote ndiyo sifa. Kitambaa kilichobanwa sana kinakuwa cha joto, na kikipata tundu kinachanika kwa wepesi, maana nyuzi haziwezi kusogea zikasaidiana. Kanga ya kuvaa kwenye joto la Pemba inataka nafasi ya hewa. Mimi kwa kanga za kusalia na kubebea nachukua ufunikaji wa kuanzia 62. Chini ya 55 sichukui hata nikipewa kwa mkopo.

UKIWA MBALI NA DUKA LA JUMLA

Sisi wa kisiwani hatuwezi kwenda Kariakoo kila wiki. Kabla sijalipa naomba vitu vitatu kwa simu: picha ya karibu yenye rula juu ya kitambaa, uzito wa doti moja kwenye mizani, na vipimo vya kanga moja. Anayekataa kuweka rula ameshanijibu. Baada ya hapo naagiza doti moja ya sampuli naifua. Pia nimejifunza kuisugua kanga mpya juu ya kitambaa cheusi: ikiacha vumbi jeupe, najua nusu ya safari.

Mwisho, pesa. Doti mbovu niliinunua 8,500, baada ya kufua ina gramu 206 za pamba. Hiyo ni shilingi 41 kwa gramu. Doti ninayochukua sasa, inayolingana na ya mama, naipata kwa 11,000 na baada ya kufua ina gramu 336. Hiyo ni shilingi 33 kwa gramu. Kanga "rahisi" ilikuwa ghali kuliko ile ghali, nilikuwa nanunua wanga kwa bei ya pamba.

Posti zangu siku hizi naandika hivi: "Imepimwa baada ya kufuliwa: nyuzi 26 kwa 24, gramu 105 kwa mita ya mraba, ufunikaji 66. Doti 13,500." Chini yake naweka picha ya kanga iliyofuliwa imeshikwa mbele ya dirisha, mkono wangu nyuma yake. Wanaouliza "mbona kwako ghali?" nawatumia picha hiyo hiyo na ya ile mbovu ubavuni.

Mama wa Wete nilimpelekea doti moja ya sasa, bila malipo. Alijibu kwa sauti fupi: "Hii nimeifua mara tatu, haijanifichua. Niletee na ya wifi yangu."

Chukua kanga moja uliyonayo dukani leo, ifue, ihesabu, weka namba zako tatu hapa chini: mtande, mshindio na gramu. Ukikwama kwenye hesabu andika ulipofikia, tutaimalizia pamoja.